Jumapili iliyokuwa sikukuu: overtaimu ya karani wa ghala, Malaba, Juni 2024

Mwanzoni mwa Julai 2024 niliwekewa mezani karatasi mbili. Moja ilikuwa slipu ya mshahara wa Juni ya karani wa ghala la mizigo pale Malaba, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, na mstari wa overtaimu ulisoma shilingi 80,142. Nyingine ilikuwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule. Hiyo ni hesabu ya karani mwenyewe kwa kalamu ya bluu, inaishia 177,500 na imepigiwa mistari miwili chini. Mtu ni yule yule, mwezi ni ule ule, na masaa ni yale yale. Hakuna aliyebisha kwamba kazi ilifanyika. Walichogombania ni kuzidisha.

Majina nayaacha. Yeye nitamwita Karani, na dada aliyetengeneza slipu nitamwita Mhasibu. Jambo jingine kabla sijaanza: nikihesabu muda nitaandika "masaa", nikitaja wakati wa siku nitaandika "saa". Wasanifu wa lugha wanisamehe, ila kwenye kisa hiki "saa 8" ya kazi na "saa 8 mchana" zikichanganyika hatutoki.

Mkataba wa Karani ni mfupi. Mshahara ni shilingi 520,000 kwa mwezi. Kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi, masaa 8 kwa siku, na Jumapili ni siku ya mapumziko. Kuna sentensi moja mwishoni ambayo nusura niipite: akiitwa kazini Jumapili, atalipwa mara mbili.

Sentensi hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu sheria ya ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haina kiwango cha wikendi. Watu wengi huapa kwamba kipo. Kifungu cha masaa ya kazi, kilichokuwa cha 53 Juni ile, kinazungumzia aina mbili tu za siku. Masaa ya ziada kwenye siku ya kawaida ya kazi hulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya malipo ya saa, na yale ya sikukuu iliyotangazwa na serikali hulipwa mara mbili. Jumapili kama Jumapili haikutajwa. Mara mbili ya Jumapili ya Karani imetoka kwenye mkataba wake. Jirani yake wa ghala la pili asiye na sentensi ile hawezi kuidai kwa kusema tu kwamba mwenzake analipwa.

Sasa masaa yenyewe. Juni ile ilikuwa na vituko vyake. Siku ya Mashahidi, tarehe 3, iliangukia Jumatatu. Siku ya Mashujaa, tarehe 9, iliangukia Jumapili. Idi ya kuchinja nayo ikaja Jumapili, tarehe 16. Karani aliswali na kukaa nyumbani siku ya Idi, lakini zile nyingine mbili alikuwa ghalani, kwa sababu malori yakishapanga foleni hapo mpakani hayajui sikukuu.

Kitabu cha getini kiliandikwa kwa saa za kizungu, daftari la Karani kwa saa za Kiswahili. Tarehe 3 askari wa getini aliandika 7:00 hadi 18:00. Karani aliandika saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ni kitu kimoja. Ukitoa ni masaa 11, lakini kuna saa moja ya chakula ambayo kila mtu ghalani hutoka, kwa hiyo kazi ni masaa 10. Hapo Karani alikuwa mwaminifu, maana aliandika 10 bila kusukumwa. Tarehe 9 aliingia saa 2 asubuhi akatoka saa 8 mchana, hakukuwa na chakula, masaa 6. Jumapili ya tarehe 23, ambayo haikuwa sikukuu, alifanya masaa 4. Siku za kawaida alizidisha masaa mawili mawili mara sita: tarehe 4, 5, 14, 21, 22 na 27. Jumla masaa 12.

Kabla ya kuzidisha chochote tunahitaji malipo ya saa moja, na hapa ndipo slipu ilipoteleza kwanza. Mhasibu aligawa mshahara kwa siku 30, kisha kwa 8. Yaani 520,000 gawa kwa 240, akapata 2,166 na kitu, akakata kile kitu. Karani aligawa kwa siku 26, kisha kwa 8. Yaani 520,000 gawa kwa 208, akapata 2,500 kamili.

Sheria inasema "malipo ya kawaida ya saa" bila kumwambia mtu agawe kwa ngapi. Kigawanyo hutoka kwenye masaa ambayo mshahara umeyanunua. Wiki ya Karani ni masaa 48. Mwaka una wiki 52 na miezi 12, kwa hiyo mwezi wa wastani una masaa haya:

```
=48*52/12
```

Jibu ni 208, sawa na siku 26 za masaa 8. Angekuwa na mkataba wa masaa 45 kwa wiki, kigawanyo kingekuwa 195 na saa yake ingepanda bei. Ile 240 inakuja kwa kuhesabu Jumapili kama siku za kazi. Karani hana mkataba wa kufanya kazi siku 30. Kumgawia kwa 240 ni kuipunguza kila saa yake kwa zaidi ya shilingi 333, halafu upungufu huo huo unazidishwa kwa moja na nusu au kwa mbili pamoja na saa yenyewe.

Nilipomwonyesha Mhasibu hakubisha sana. Alisema, "Kaka, hiyo fomula niliikuta kwenye kompyuta." Ninamwamini. Nimeshaikuta hiyo 240 mahali pengi, inarithiwa kama funguo za ofisi.

Masaa 12 ya siku za kawaida ni mepesi. Moja na nusu ya 2,500 ni 3,750, mara 12 ni 45,000. Karani alikuwa ameandika 47,500 kwa sababu tarehe 22 ilikuwa Jumamosi na yeye aliipa mara mbili: "Jumamosi ni wikendi." Kwa ofisi za Kampala zinazofunga wiki siku ya Ijumaa, sawa. Kwa mkataba wake Jumamosi ni siku ya sita ya kazi, ina masaa 8 ya kawaida kama Jumanne, na kinachozidi hapo ni moja na nusu. Alinikodolea macho, akacheka, akaifuta kwa kidole ingawa ni kalamu.

Siku ya Mashahidi ndiyo iliyotuchukua nusu ya mchana.

Karani aliandika masaa 10, mara mbili, mara 2,500: shilingi 50,000. Mhasibu aliandika masaa 2 tu, mara mbili: shilingi 8,664 kwa bei yake ya saa. Hoja yake ilikuwa kwamba masaa 8 ya mwanzo yako ndani ya mshahara, kwa hiyo hayamo kwenye overtaimu. Kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya ukweli.

Kifungu cha sikukuu, kilichokuwa cha 54, kinampa mfanyakazi mapumziko yenye malipo kamili kila sikukuu. Kwa mtu wa mshahara wa mwezi, malipo hayo tayari yamo kwenye ile 520,000. Angelala nyumbani tarehe 3, mshahara wake usingepungua hata senti. Akiitwa kazini, mwajiri ana njia mbili. Anaweza kumpa siku nyingine ya mapumziko yenye malipo badala ya ile, au anaweza kumlipa kazi ya siku hiyo kwa kiwango kisichopungua mara mbili, na hapo deni la siku ya badala linakufa. Karani hakupewa siku ya badala. Nilitazama mahudhurio ya Juni yote na wiki ya kwanza ya Julai, sikuiona. Kwa hiyo ni mara mbili.

Lakini mara mbili ya nini, na kiasi gani kimeshalipwa? Kwa masaa 8 ya mwanzo, mara mbili ni 40,000. Katika hizo, 20,000 imeshaingia kupitia mshahara, kwa sababu Jumatatu ile ni moja ya siku zilizonunuliwa na 520,000. Inabaki 20,000 ya kuongeza. Masaa 2 yaliyozidi hayakuwahi kuwemo kwenye mshahara, kwa hiyo hayo yanalipwa mara mbili nzima: 10,000. Nyongeza ya siku ni 30,000.

Kosa la Mhasibu, basi, ni kuyafuta masaa 8 kana kwamba kuja kazini siku ya sikukuu na kulala nyumbani ni sawa. Kosa la Karani ni kuyalipa masaa yale mara tatu: mara moja ndani ya mshahara, mara mbili juu yake. Wapo wanaosoma sheria kama Karani, na mwajiri akitaka kulipa hivyo hakuna anayemkataza, kwa sababu viwango hivi ni sakafu. Mimi naisoma hivi kwa sababu kifungu kinasema afanyaye kazi sikukuu apokee si chini ya maradufu ya kile anacholipwa kwa siku isiyo sikukuu. Kinapima anachopokea kwa siku hiyo, na ile 20,000 iliyomo kwenye mshahara ni sehemu ya anachopokea. Kwa kibarua wa siku, asiyelipwa akilala, hesabu inabadilika. Yule hana kitu kilichotangulia, kwa hiyo mara mbili yote inaonekana mkononi.

Kwenye lahajedwali sikukuu iliyoangukia siku ya kazi inaandikwa hivi, masaa yakiwa kwenye B2 na bei ya saa kwenye C2:

```
=MIN(B2,8)*1*C2+MAX(B2-8,0)*2*C2
```

Ile `1` niliiacha makusudi ingawa haibadilishi jibu. Mtu akija kesho atauliza kwa nini si 2, na ataelezwa.

Sasa Jumapili ya Mashujaa. Karani alizidisha mara nne: mbili za sikukuu, mbili za Jumapili ya mkataba. Masaa 6, shilingi 60,000. Mhasibu aliilipa mara moja na nusu, kwa sababu programu yake ilikuwa na safu moja tu iliyoandikwa "wikendi" na kiwango cha 1.5 ndani yake. Sentensi ya mkataba hakuwahi kuisoma. Safu ile ilimeza Jumapili zote mbili, masaa 10, kwa shilingi 32,490.

Mara nne haina mahali pa kutokea. Mkataba unasema Jumapili ni mara mbili, sheria inasema sikukuu ni mara mbili, na saa ile ile moja haiwezi kulipwa kwa milango miwili mpaka pawepo maneno yanayosema viwango vijumlishwe. Yangekuwa tofauti, mathalani mkataba uwe umempa moja na nusu tu kwa Jumapili, tungechukua kilicho kikubwa na kukiacha kidogo. Hapa vimelingana, kwa hiyo ni mara mbili.

Swali la maana zaidi liliulizwa na Mhasibu, na nilifurahi kuulizwa. Alisema: kama Jumatatu ya Mashahidi tumetoa mara moja kwa sababu imo kwenye mshahara, kwa nini Jumapili ya Mashujaa tusitoe vilevile? Nayo ni sikukuu yenye malipo.

Jibu liko kwenye kigawanyo. Tulipogawa kwa 208 tulisema kwamba mshahara umenunua siku 26 na Jumapili hazimo. Saa iliyo nje ya zile 208 haina senti iliyotangulia, kwa hiyo mara mbili yake ni nyongeza yote: masaa 6, mara 5,000, sawa na 30,000. Anayetaka kusema Jumapili imeshalipwa ndani ya mshahara anarudi kule kwenye 240. Mkataba wa masaa 48 kwa wiki haumruhusu kwenda huko, na hawezi kuishika 208 kwa saa za Jumatano na 240 kwa saa za Jumapili.

Hii ndiyo sababu huwa naanza na kigawanyo hata pale ambapo ugomvi unaonekana ni wa viwango tu. Aliyechagua kigawanyo ameshachagua pia ni saa zipi zitapunguziwa ile mara moja na zipi hazitapunguziwa.

Jumapili ya tarehe 23 haikuwa na mzozo wa kisheria. Masaa 4, mara mbili kwa mkataba: 20,000. Karani alikuwa ameiandika hivyo hivyo.

Jumla yangu ikawa 45,000 ya siku za kawaida, 30,000 ya Mashahidi, 30,000 ya Mashujaa na 20,000 ya tarehe 23. Shilingi 125,000. Slipu ilipungua kwa 44,858, na daftari la Karani lilizidi kwa 52,500. Nilisoma jumla kwa sauti, Mhasibu akaiingiza kwenye simu yake mara mbili kuhakikisha.

Nilimwonya Karani mapema asije akahesabu 44,858 mfukoni. Overtaimu ni sehemu ya mapato ya ajira na kodi inaigusa kama mshahara. Kwa kuwa 520,000 peke yake imeshapita ngazi ya 410,000, kila shilingi ya nyongeza inakatwa asilimia 30, kisha asilimia 5 ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Katika shilingi 44,858 atakazoongezewa, atashika kama 29,158. Alinyamaza kidogo, akasema "Na hiyo asilimia 5 angalau ni yangu." Ni kweli, na mwajiri anaongezea asilimia 10 juu yake. Kwa hiyo overtaimu iliyopunjwa inapunguza na akiba ya uzeeni, upande wa mfanyakazi na upande wa mwajiri.

Kuna kitu kingine ambacho hakuna kati yao aliyekileta, nilikiona nilipokuwa nahakiki wiki kwa wiki. Wiki ya tarehe 3 hadi 9 Karani alifanya kazi siku saba: masaa 10 mara tatu, 8 mara tatu, na 6 ya Jumapili. Masaa 60. Sheria inaruhusu kazi, ziada ikiwemo, hadi masaa 10 kwa siku na 56 kwa wiki. Siku zake zote zilikuwa ndani ya 10, wiki ikapita kwa masaa manne. Halafu baada ya Jumapili ile aliunganisha moja kwa moja na wiki iliyofuata mpaka Jumamosi tarehe 15. Siku kumi na tatu bila kupumzika, wakati sheria inataka mapumziko ya masaa 24 mfululizo baada ya siku sita. Wiki ya tarehe 17 hadi 23 ilifika 56 kamili, ikasimama ukingoni.

Hilo halibadilishi hesabu ya malipo. Masaa manne yaliyopita kikomo hayafutwi eti kwa sababu hayakutakiwa kuwepo. Aliyeyafanya analipwa. Lakini kiwango cha mara mbili nacho hakimpi mwajiri ruhusa ya kupita kikomo, na afisa wa kazi wa wilaya akifungua kitabu cha getini ataanza na hapo kabla hajafika kwenye shilingi. Niliandika hivyo pembeni ya karatasi ya Mhasibu kwa penseli, nikaandika na tarehe.

Mhasibu alivyonaswa na programu ni rahisi kuona ukijua pa kutazama. Slipu yenye mstari mmoja wa overtaimu na jumla moja haisomeki. Mhasibu alipogawa mstari ule mara nne, yaani siku ya kawaida, sikukuu ya siku ya kazi, sikukuu ya siku ya mapumziko, na Jumapili tupu, makosa yote matatu yalijitokeza bila mimi kusema. Masaa yaliyokaa bila kiwango yalikuwa yale manane ya Mashahidi. Yalikuwa yameandikwa getini, yameandikwa kwenye daftari, na kwenye slipu hayapo popote.

Bosi alikubali baada ya siku mbili. Tofauti ililipwa pamoja na mshahara wa Julai, ikiwa na mstari wake peke yake ulioandikwa "malimbikizo ya Juni", si kuchanganywa na overtaimu ya Julai. Hilo nililisisitiza, kwa sababu malimbikizo yakichanganywa hakuna atakayeweza kuikagua Julai.

Karani alikuwa na swali moja la mwisho, aliniuliza kwa simu. Tarehe 16, Idi, alipumzika, lakini Jumapili angepumzika tu. Je, hadai siku nyingine badala ya sikukuu iliyomezwa na Jumapili? Nilimjibu kwamba kifungu kinampa siku ya badala aliyefanya kazi siku ya sikukuu, na yeye siku ile hakufanya kazi. Akasema, "Basi ningejua ningeenda." Nikamwambia angeenda, leo tungekuwa tunahesabu siku ishirini na saba bila kupumzika, tangu Jumatatu ile ya Mashahidi mpaka Jumamosi ya tarehe 29, na Mhasibu angehitaji penseli ndefu zaidi.